Pete imepotea Ushongo: mvuvi ataipataje?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Iringa, naandika hadithi fupi ya kushindania gazetini. Kisa chenyewe ni hiki. Neema na mumewe Baraka wako fungate Ushongo, Pangani. Jioni, jua likizama baharini na mwezi mpevu ukichomoza, maji yamekupwa mbali, Neema anaoga na pete ya ndoa inamchomoka kidoleni. Wanaitafuta mpaka usiku, hawaioni. Miaka mitatu baadaye Mzee Makame, mvuvi maskini, anapasua tumbo la samaki na kuikuta. Ndani ya pete yameandikwa majina yao wawili na tarehe ya ndoa. Anawatafuta, anawarudishia, na Baraka kwa furaha anamnunulia boti ya injini. Nimeiita "Pete ya Bahati".*

*Niliwapa rafiki zangu wawili waisome. Mmoja kasema ni ngano ya watoto. Mwingine, mtu wa Tanga, kacheka aya ya kwanza tu na hakuniambia kwa nini. Mimi Ushongo nimefika mara moja, tena siku moja. Je, nimtoe samaki? Na nifanye nini mtu wa pwani akiisoma aiamini?*

*Mwandishi chipukizi, Iringa*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo rafiki wa Tanga, maana kicheko chake nakijua. Umelizamisha jua upande linakochomokea. Ufukwe wa Ushongo unatazama mashariki. Jioni mtu akisimama pale jua humpotelea mgongoni, nyuma ya minazi, na baharini anachokiona ni mawingu yakibadilika rangi na giza likija. Mwezi mpevu ndio hutoka majini, na hapo ulipatia. Wengi wanaoandika pwani wakiwa bara huanguka shimo hilo hilo, kwa sababu picha za kalenda zimewazoesha jua na bahari jioni.

Kosa la pili ni la maji, na hili ndilo litakalokuharibia hadithi usipolirekebisha, kwa sababu kisa chako chote kimesimama juu ya mahali pete ilipoangukia. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Mwezi unapokuwa mpevu, na vilevile unapoandama, ndipo panapokuwa na bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na kwa pwani ya Tanga tofauti ya juu na chini hufika mita tatu na zaidi. Sasa sikiliza saa zake. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kwa hiyo jioni ya mwezi mpevu, saa kumi na mbili na nusu, bahari haiwezi kuwa imekupwa mbali. Imeshaanza kurudi, lakini haijafika hata nusu ya safari yake. Ukitaka bahari iwe imeshuka jioni, lazima uuondoe mwezi mpevu uweke mwezi nusu. Lakini siku hizo ni za maji mafu, hayapandi wala hayashuki sana, na ule uwanda mpana wa mchanga unaoutaka hutaupata.

Mimi ningeubakiza mwezi mpevu, na ningemwingiza Neema majini saa kumi jioni, maji yakiwa yamejaa na yakimfika kiunoni. Vidole vimelowa, kajipaka mafuta ya kuzuia jua, pete inateleza. Baada ya hapo bahari inakufanyia kazi ambayo wewe ulikuwa hujaifikiria. Mahali aliposimama Neema maji yakimfika kiunoni, kesho yake saa nne asubuhi pamekauka. Anaweza kuja kwa miguu, na viatu vyake. Anatembea juu ya pete yake bila kuiona, na hajui kama ni hapa au ni mita hamsini kule, kwa sababu alama zote alizoziona jana zilikuwa za maji. Kumtafutisha mtu gizani majini ni rahisi kwa mwandishi. Kumtafutisha mchana kweupe, kwenye mchanga mkavu, mahali ambapo anajua pete ipo na haioni, ndipo msomaji atakaposhindwa kukaa kimya.

Kwa nini haioni? Kwa sababu pete ya dhahabu haielei wala haisafiri. Mchanga una uzito wa kama mara mbili na nusu ya maji. Dhahabu tupu ni zaidi ya mara kumi na tisa, na ile ya karati kumi na nane, ambayo imechanganywa na madini mengine, ni kama mara kumi na tano. Kila wimbi likipita na kuuchangamsha mchanga, chembe hupanda na pete hushuka, na itaendelea kushuka mpaka ikute mchanga mgumu au tabaka la changarawe na makombe. Usiku mmoja wa mawimbi unaweza kutosha kuifukia kiasi cha shubiri. Baada ya hapo inakaa. Haitaonekana Bagamoyo wala Pemba. Itakuwa pale pale, chini ya miguu ya watu, mpaka kitu kiuondoe mchanga wa juu yake.

Hicho ndicho kinachomtoa samaki wako hadithini. Pete iliyofukiwa shubiri moja haimezwi na samaki. Unaweza kunijibu kwamba samaki huvutwa na vinavyong'aa, na ni kweli, wavuvi hutumia chambo cha bati kwa sababu hiyo hiyo, lakini pete yako itakuwa imezama mchangani kabla samaki hajapata habari.

Kuna neno jingine kuhusu tumbo la samaki, nalo ni la kazi. Mvuvi wa pwani mara nyingi hapasui samaki. Anafika bandarini, samaki wananadiwa wazima, mchuuzi anachukua, na kisu kinaanza kazi kwa mkaangaji au jikoni kwa mtu. Pete ikiwa tumboni, atakayeikuta ni mama anayekaanga samaki. Mgiriki Herodoto, aliyeandika karne ya tano kabla ya Kristo, alilijua hilo. Katika kisa chake cha Polikrate, mtawala wa kisiwa cha Samo aliyeitupa pete yake baharini kwa makusudi, mvuvi alimpelekea samaki mkubwa kama zawadi, na watumishi wa jikoni ndio walioikuta pete. Kwa Kalidasa wa India, katika tamthilia ya Shakuntala, mvuvi anampasua samaki mwenyewe, anaikuta pete ya mfalme, anakwenda kuiuza, na walinzi wanamfunga kamba wakidai ameiiba. Nimekutajia hawa wawili kwa sababu mbili. Kwanza, ujue kwamba rafiki yako aliyesema ngano hakukosea, samaki mwenye pete ana umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Pili, mtazame huyo mvuvi wa Kalidasa. Maskini akishika dhahabu, swali la kwanza la watu ni kaitoa wapi. Wewe umelikwepa swali hilo, ukamvusha Mzee Makame moja kwa moja mpaka kwenye boti ya injini.

Haya, samaki katoka. Mvuvi ataipataje?

Usikimbilie juya. Kweli juya la kukokota hulamba mchanga na lingeweza kuifukua, lakini limepigwa marufuku, na ukimpa mvuvi wako juya utalazimika kuandika hadithi ya mtu anayejificha. Nayo ni hadithi nzuri, ila si hii.

Ningetumia farumi. Mashua yenye tanga kubwa ikitoka tupu huwa nyepesi, upepo ukikaza inalala mno, kwa hiyo mabaharia hujaza mchanga kwenye magunia na kuyapanga chini ili chombo kitulie. Mchanga wenyewe huchotwa hapo hapo ufukweni, bure. Wakipata mzigo au samaki wa kutosha, wanaumwaga. Kazi hii haina heshima yoyote na hufanywa na mdogo kuliko wote chomboni. Na haimtaki mtu awe na bahati, inamtaka awe na sepeto.

Sasa panga miezi. Neema na Baraka waje Februari, kaskazi inavuma, joto kali, wageni wamejaa. Pete inazama mchangani. Kuanzia Aprili upepo unageuka, kusi inaingia, na kufika Juni na Julai mawimbi yanaukata ufukwe, mchanga wa miezi mingi unabebwa kwenda upande mwingine na panabaki ukingo kama wa ngazi. Chini ya ukingo huo ndipo tabaka la makombe linapotokeza. Mabaharia huchota mchanga hapo kwa sababu hawana haja ya kuinama sana. Miaka yako mitatu inageuka miezi mitano, na kila kitu kina sababu yake.

Nimejaribu kukuandikia mahali penyewe pa kupatikana, uone ninachomaanisha. Usiinakili, andika yako:

*Gunia lilikuwa limetoboka. Seif alilijua hilo tangu pale ufukweni, lakini baharia wa mwisho kupanda chombo hana mdomo wa kukataa gunia. Sasa mchanga umemwagika ngamani, chini kabisa ya chombo, na maji ni mazito, kila dumu analochota linamvuta bega. Akafua, akamwaga. Akafua, akamwaga. Kisha kitu kikagonga dumu kwa ndani, kikalia kidogo tu. Msumari, akawaza. Msumari ukichomoka kwenye mbao ni habari ya kumpelekea nahodha kabla haijawa habari ya kumpelekea Mungu. Akaingiza mkono kwenye dumu na kupapasa.*

*Haukuwa msumari.*

*"We Seif, umesimamia nini kufua?" Mzee Makame aliuliza toka kwenye usukani.*

*"Hakuna kitu, nahodha."*

*Akakitia kitu hicho mdomoni, chini ya ulimi, akashika dumu lake.*

Umeona nilichokifanya? Mvuvi wako Mzee Makame nimempa usukani, na kuokota nimemwachia kijana. Sikufanya hivyo kwa urembo. Chomboni kila kinachopatikana kina hesabu. Mauzo ya samaki yakipatikana hutolewa gharama kwanza, kisha chombo kina sehemu yake, nyavu zina sehemu yake, nahodha na mabaharia wana sehemu zao. Mwenye chombo, ambaye mabaharia humwita tajiri hata akiwa na viraka vya suruali, huenda hajapanda hiyo mashua mwaka mzima, na sehemu yake anaipata. Swali la hadithi yako basi ni hili: pete iliyokutwa ngamani ni ya nani? Ya Seif aliyeigusa? Ya Mzee Makame, mwenye dhamana ya chombo? Tajiri atasema kilichopatikana chomboni kimepatikana na chombo. Baharia wa tatu atasema gunia lile alilijaza yeye. Hapo una watu wanne, pete moja, na hakuna hata mmoja aliye mbaya. Wote wana deni dukani.

Katika rasimu uliyonitumia pete inakutwa ukurasa wa nne kati ya kurasa tano. Ilete ukurasa wa kwanza. Kuokota ni sadfa, na sadfa ikiwa mwanzoni msomaji huipokea kama hali ya hewa. Ikiwa mwishoni, anahisi umemtatulia kisa kwa nguvu.

Kinachofuata ndicho kiini, na hapa inakubidi uijue sheria mbili ambazo mtu kama Mzee Makame anaishi nazo kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya dini, na ndiyo atakayoitaja yeye mwenyewe bila kufungua kitabu. Katika hadithi ya Mtume iliyopokewa na Zaid bin Khalid al-Juhani, nayo imo katika Bukhari na Muslim, mtu aliuliza juu ya mali ya kuokota. Akaambiwa atambue chombo chake na kamba yake iliyofungiwa, kisha atangaze mwaka mmoja. Mwenyewe akija apewe, asipokuja aliyeokota aitumie. Angalia hiyo sehemu ya chombo na kamba. Maana yake kwa mwandishi ni kwamba anayeokota anazijua alama na hazitangazi. Anatangaza kuwa kuna pete imeokotwa. Hasemi ni nyembamba au nene, wala kilichoandikwa ndani. Anayedai ndiye atakayezisema.

Kwa hiyo majina mawili na tarehe kamili ndani ya pete yatakuharibia, mwanangu. Ukiandika "Neema na Baraka" kila aliyeishika ataweza kumtuma binamu yake aje kuidai, na mvuvi hana cha kuwaza. Bakiza herufi N, tarehe, na muhuri wa sonara. Basi. Tangazo litolewe nje ya msikiti baada ya Ijumaa, na bandarini, na siku hizi kwenye makundi ya simu, maana huko ndiko linakofika Tanga mjini kabla tanga halijakunjwa. Waje watu. Mama aliyepoteza pete miaka sita iliyopita, mkweli kabisa, na yake haikuwa hii. Kijana anayebahatisha herufi moja baada ya nyingine. Mwanamke ambaye anaieleza vizuri mno, mpaka Mzee Makame anaanza kujiuliza nani ndani ya chombo ana mdomo mrefu. Usiwaweke wote. Chagua mmoja umpe nafasi, mimi ningemchagua yule mama mkweli, kwa sababu kumrudisha mtu mwongo ni kazi nyepesi.

Sheria ya pili ni ya serikali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258, kinapoeleza wizi ni nini, hakimhesabu kuwa mwizi aliyeokota kitu kilichopotea na kukifanya chake ikiwa wakati huo hamjui mwenyewe na anaamini, kwa sababu za maana, kwamba hawezi kupatikana. Neno zima liko kwenye hizo sababu za maana. Ushongo ina hoteli chache, na hoteli huandika majina ya wageni wake. Pete ya dhahabu yenye tarehe, imechotwa mbele ya hoteli: mtu anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba mwenyewe hapatikani, kabla hajapita hata kuuliza mapokezi? Seif hajui kifungu hicho, na usimfanye akijue. Lakini anaijua ile hoteli, na anajua kwamba njia ya kwenda kwao inapita getini pake. Kila jioni anapita. Ukiandika vizuri hatua hizo za kupita getini, huhitaji askari katika hadithi hii.

Tajiri yeye atataka kwenda kwa sonara, na mpeleke, tukio moja fupi. Sonara ataitazama kwa kioo na kuusoma muhuri. Ukiwa 750, maana yake sehemu 750 katika kila 1000 ni dhahabu, ndiyo karati kumi na nane. Ukiwa 375 ni karati tisa, zaidi ya nusu ni madini mengine. Ataisugua kwenye jiwe jeusi, atadondosha tindikali kwenye mstari uliobaki aone kama utafifia, kisha ataipima. Pete ya gramu nne yenye muhuri wa 750 ina gramu tatu za dhahabu tupu, na hiyo ndiyo anayoinunua, uzuri wake na historia yake havina bei kwenye mzani. Usiandike kiasi cha shilingi, bei ya dhahabu itakuzeesha hadithi mwaka huu huu. Andika badala yake kwamba tajiri alihesabu kimoyomoyo turubai mpya la tanga, akafika nusu. Umuhimu wa tukio hili ni swali la sonara, ambalo masonara waangalifu huuliza: nani ameleta, na kaipata wapi? Hapo tajiri amtazame Seif, kila mtu asubiri nani atajibu.

Kwa ajili ya rangi tu: pete ya 750 iliyokaa mchangani miezi mitano itatoka iking'aa, labda na mikwaruzo. Ya fedha ingetoka nyeusi. Kwa hiyo usiandike kwamba "chumvi ilikuwa imeila". Dhahabu nzuri hailiwi na chumvi, na ukiiandika hivyo sonara yeyote atakayekusoma ataweka gazeti chini.

Namna ya kuirudisha nakuachia, ila nina shauri moja. Hoteli inapiga simu, Neema anapatikana Dodoma, anaulizwa tarehe iliyoandikwa ndani. Anataja tarehe ya ndoa. Sio hiyo. Anataja tena, anaanza kulia, na Mzee Makame, mtu mwenye imani yake na sheria yake ya alama, anakata simu. Tarehe iliyoandikwa ni ya siku ya posa. Baraka ndiye aliyempelekea sonara pete na hakumwambia mkewe. Sasa inabidi mume apige, na kama wana ndoa miezi hii mitano wamekuwa hawazungumzi vizuri, tena kwa sababu ya pete hiyo hiyo, huo ni ukurasa wako wa mwisho na nusu. Siku mvuvi alipowakatia simu, ndipo msomaji atakapojua ni mwaminifu. Hahitaji umwambie.

Boti ya injini iondoe kabisa. Aliyeokota hana ujira wa lazima isipokuwa mwenyewe aliahidi mapema, na Baraka hakuahidi. Atataka kutoa kitu, na kiwe kile ambacho mtu wa kawaida aliyetoka Dodoma kwa basi anacho mfukoni. Kitakachotokea baada ya hapo kinavutia kuliko boti: pesa hiyo ndogo itagawanywaje? Chombo kinadai sehemu. Nyavu hazikuvua chochote, zina sehemu? Waache wabishane bandarini, na nahodha atoe hukumu yake kwa kuhesabu noti kwa sauti.

Kuhusu jina, "Pete ya Bahati" lifute. Linamwambia msomaji mwisho kabla hajafungua. Ningeiita "Farumi". Wa bara ataulizia, wa pwani atatabasamu, na yule rafiki yako wa Tanga safari hii ataivuka aya ya kwanza. Nitumie rasimu ya pili kabla hujaipeleka gazetini, na kabla ya kuituma itafute ratiba ya maji ya Bandari ya Tanga ya Februari unayoiandika, uangalie siku ya mwezi mpevu maji yalijaa saa ngapi. Usiyapange kwa kukisia.